Ndekirwa Mara Mbili

Kwetu Kirua Vunjo mtoto wa kwanza wa kiume hurithi jina la babu mzaa baba. Ndiyo maana kaka yangu aliitwa Ndekirwa. Baba yetu ni Elinami, na ukoo wetu ni Mosha.

Kaka alipoandikishwa darasa la kwanza, mwalimu alimtaka ataje majina matatu: lake, la baba na la babu. Lilikuwa swali la kawaida, maana Watanzania wengi huhesabu majina yao hivyo. Kaka akajibu kama alivyoulizwa, na daftari likaandikwa Ndekirwa Elinami Ndekirwa. Miaka sita baadaye mama alinipeleka mimi shuleni na kadi yangu ya ubatizo, iliyokuwa na jina la ukoo, nami nikaandikwa kwa jina la Mosha. Tumbo moja, kihamba kimoja, majina ya mwisho mawili.

Nimekuja kuelewa kwamba kuna jina la mwisho linalokaa na jina la mwisho linalotembea. Mosha linakaa: alikuwa nalo babu, na wajukuu watakuwa nalo. Jina la babu hutembea, kwa sababu kila kizazi kinapoingia, jina moja huongezwa mbele na moja hudondoka nyuma. Rais Samia Suluhu Hassan ni binti wa Suluhu Hassan, na binti yake mwenyewe anaitwa Wanu Hafidh Ameir, kwa kuwa baba yake ni Hafidh Ameir. Magazeti ya nje humwita Rais wetu "Hassan", kumbe hilo ni la babu yake. Sisi tunasema Rais Samia, na tuko sahihi. Wakati mwingine jina linalotembea husimama. Mwalimu Nyerere alizaliwa Kambarage, mwana wa Chifu Nyerere Burito. Nyerere lilikuwa jina la baba, lakini watoto wake Mwalimu wakabaki nalo, na leo ni jina la familia.

Fomu haijui tofauti hiyo. Ya Kiswahili huuliza "jina la ukoo", na mtu wa pwani ambaye familia yake haina jina la namna hiyo hulazimika kumweka babu mahali pa ukoo. Kaka yangu, kwa upande wake, anao ukoo kweli. Angejibu Mosha angesema kweli tupu, lakini vyeti vyake vyote vinasema Ndekirwa, na karatasi hufuata karatasi. Kwa hiyo ukifungua pasipoti yake, mstari wa juu kati ya ile miwili ya herufi za mashine unasomeka hivi:

```
P<TZANDEKIRWA<<NDEKIRWA<ELINAMI<<<<<<<<<<<<<
```

Kilicho kati ya TZA na alama mbili za `<<` ndicho ambacho mashine hukichukua kuwa jina la familia. Kinachofuata ni majina yake mengine. Mtu yeyote mwenye majina kama yetu atazame hapo kabla ya kukata tiketi, asitegemee mazoea.

Sisi hatukutazama. Aliyemkatia kaka tiketi ya safari yake ya kwanza ya nje aliona Ndekirwa mara mbili, akadhani ni kosa la kuandika, akafuta moja. Tiketi ikatoka kwa jina la Elinami Ndekirwa. Uwanjani wakamweka kando wakilinganisha herufi kwa herufi, na alipanda ndege akiwa wa mwisho, shati limelowa jasho.

Aliporudi nilimsihi abadili. Wakili alitueleza kwamba hati ya kiapo ingethibitisha tu kuwa majina mawili ni ya mtu mmoja. Kubadili kwenyewe kunataka hati nyingine ya kubadili jina, isajiliwe, kisha kila ofisi ifuatwe na kurekebishwa. Nilikuwa tayari kumlipia. Kaka alikataa.

"La kwanza ni langu," aliniambia. "Hilo la mwisho ni la babu mwenyewe. Nikilifuta, nani atamwandika tena?"

Nilikuwa nimeliona jina lile kama kosa la mwalimu kwa miaka thelathini. Siku ile nilinyamaza.

Kisha akazaliwa binti yake, Neema, na kaka akakaa na fomu ya cheti cha kuzaliwa mezani jioni nzima. Kwa desturi ya jina linalotembea, angekuwa Neema Ndekirwa Elinami. Kwa kulisimamisha jina, Neema Ndekirwa Ndekirwa. Akaandika Neema Ndekirwa Mosha.

Nikamkumbusha kwamba baba na mwana watasimama mbele ya afisa wa uhamiaji wakiwa na majina tofauti ya mwisho. Alikuwa ameshalifikiria. Cheti cha kuzaliwa kina sehemu ya jina la baba, na pale amejiandika yote matatu, kwa mpangilio uleule wa pasipoti. Nakala yake iliyothibitishwa hukaa ndani ya jalada la pasipoti ya mtoto, imekunjwa mara mbili.

Mwaka jana bibi mmoja jirani alimsimamisha Neema njiani, kwenye migomba, akamuuliza yeye ni wa nani.

"Wa Ndekirwa," akasema.

"Ndekirwa yupi?"

Mtoto akageuka kumtazama baba yake.