Kabla ya bumu kuingia

Kila Julai viwanja vya Mnazi Mmoja, Dar es Salaam, hujaa mahema ya vyuo wakati wa maonesho ya elimu ya juu yanayoratibiwa na TCU. Utapewa kalamu, mfuko wa karatasi na kipeperushi chenye picha ya wahitimu wanaocheka. Waliosimama mbele ya meza kwa kawaida ni watu wa masoko na wanafunzi wachangamfu. Mhasibu yuko ofisini kwake chuoni, na huyo ndiye wa kutafutwa.

Nasema hivyo kwa sababu ya ratiba. Mwombaji anatakiwa athibitishe chuo mapema, mara nyingi Septemba, na Bodi ya Mikopo inatoa majina ya waliopata mkopo kwa awamu, kwa kawaida kuanzia Oktoba. Maana yake mtoto anachagua chuo kabla hajajua atapewa kiasi gani, au kama atapewa kabisa. Kwa hiyo swali la kumpelekea mhasibu si "ada ni bei gani?" Hilo liko kwenye kipeperushi. Swali ni hili: wiki ya usajili, kama mkopo haujafika, nije na shilingi ngapi mkononi ndipo mwanangu asajiliwe?

Mwaka juzi nilimsindikiza mtoto wa dada yangu, aliyetaka kusoma shahada ya uuguzi, miaka minne. Dada anauza vitumbua na alikuwa ameweka akiba ya milioni moja na nusu. Kwenye hema la chuo kimoja binafsi tuliambiwa ada ni 2,900,000 kwa mwaka, "na unalipa kidogo kidogo, mama, usiwe na wasiwasi." Wiki iliyofuata tukaenda chuoni penyewe, siku yao ya milango wazi. Baada ya kuzungushwa maabara, tukaomba kuonana na uhasibu.

"Shikamoo mama. Naomba karatasi ya malipo yote, ya miaka yote minne," binti alisema.

Mama yule alishangaa kidogo, ila akaichapisha. Chini ya ada kulikuwa na mitihani 200,000, mafunzo ya wodini 350,000, usajili na kitambulisho 40,000, serikali ya wanafunzi 20,000, tozo ya TCU 20,000, bima ya afya 50,400 na amana ya tahadhari 50,000. Jumla ya hayo madogo madogo ni 730,400, na hosteli haimo.

Tukauliza awamu. Ile "kidogo kidogo" ya hemani ilikuwa asilimia 60 ya ada kabla ya kusajiliwa, pamoja na malipo mengine yote kwa mkupuo. Nikapiga hesabu kwenye simu: 1,740,000 ukijumlisha na 730,400 ni 2,470,400. Akiba ya dada ilipungua karibu milioni moja, kabla hata ya godoro.

"Na mkopo ukija baadaye, tulichokwisha kulipa kinarudi?"

"Kinahamishiwa mwaka unaofuata. Kurudishiwa taslimu ni mchakato."

Jibu la kweli, na namshukuru. Fedha ya kujikimu, lile bumu, huingia kwa mwanafunzi mwenyewe, ila ada Bodi huipeleka chuoni. Mzazi aliyekopa kwa jirani ili alipe ada ya kwanza atabaki na deni la jirani hata mkopo ukishatoka.

Ofisi ya udahili tuliipa muda mfupi zaidi. Kwamba kozi ina ithibati unaweza kujihakikishia mwenyewe kwenye mwongozo wa TCU. Tulichotaka ni wodi: wanafunzi wanapelekwa hospitali gani, nauli ni ya nani, na wanaingia wangapi kwa zamu. Ofisa alitaja hospitali moja kubwa. Nje, chini ya mwembe, wanafunzi wa mwaka wa pili wakatuambia wanapanda daladala mbili kwa nauli yao. Mmoja alituonesha risiti zake za miaka miwili. Ada haikuwa imepanda, lakini ile ya wodini ilikuwa imepanda. (Omba kuona risiti. Watu hawaoni aibu kama unavyodhani.)

Chuo cha pili kilikuwa na ada ya 1,500,000, majengo yaliyochoka na maabara yenye foleni. Ila mhasibu wake alisema anayesubiri mkopo analipa nusu ya ada, malipo mengine anagawanya mara mbili, na akakubali kuyaandika hayo chini ya karatasi ya malipo na kugonga muhuri.

"Ma'mdogo, kile cha kwanza ni kizuri zaidi," binti aliniambia kwenye daladala.

Ni kweli, kilikuwa kizuri zaidi. Alithibitisha cha pili. Jina lake lilitoka awamu ya tatu, wiki kadhaa baada ya masomo kuanza, na siku hiyo alikuwa darasani.