Nati Iliyokataa Kufunguka

Kwetu Luano, jirani na uwanja wa ndege, tunateka maji kwa pampu ya mkono iliyo uani. Mwaka jana ilianza kuvuta hewa badala ya maji. Ngozi ya pistoni ilikuwa imechakaa, na ili kuifikia ilinipasa kufungua bolti nne za kifuniko.

Mbili zilifunguka upesi. Ya tatu ilikuwa imeshikwa na kutu. Nikachomeka bomba refu kwenye mpini wa spana, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Bolti ikakatika kama muwa mkavu. Mke wangu akauliza, "Baba, na hiyo ya nne ikikatika pia?"

Nikaenda kumwita mzee jirani, aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana ya migodi. Akaitazama, akasema, "Mwanangu, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Imejaa kati ya meno ya bolti na ya nati. Ukivuta tu, shingo ya bolti hushindwa kwanza."

Akasugua kutu kwa brashi ya waya ili mafuta yapate njia. Akachanganya mafuta ya taa sehemu mbili na mafuta ya injini sehemu moja, akatia matone machache, akagongagonga nati kwa nyundo ndogo. Kisha akaenda zake. Mimi nilitaka kuendelea, lakini mafuta hupenya polepole, nasi tukayaacha usiku kucha.

Asubuhi akayafuta yote kwa kitambaa, kwani mafuta ya taa hushika moto. Kipande cha nondo kilikuwa katika mbabula, kikawa chekundu. Akakibana juu ya nati, mara tatu, mpaka tone la maji likachemka juu yake. Hakugusa mwili wa pampu, maana chuma cha kuyeyushwa kikipata moto upande mmoja huweza kupasuka. Nati ikipata moto kabla ya bolti, tundu lake hupanuka. Upanuzi wenyewe haufiki nusu ya unene wa unywele, lakini hutosha kuvunja kutu.

Ilipopoa kiasi akatia mafuta tena, nayo yakanywewa ndani. Akashika kichwa cha bolti kwa spana moja, na nati kwa nyingine yenye kuizunguka pande zote sita. Jambo lililonishangaza ni kwamba alianza kwa kukaza kidogo, kisha akalegeza, akakaza tena. "Sikiliza," akaniambia. "Ikilia krii na kubaki ilipofika, imeachia. Lakini mpini ukirudi nyuma kama upinde, ni bolti inayojipinda. Acha, rudi kwenye mafuta na moto."

Mara ya kwanza mpini ulirudi. Tukapasha tena. Mara ya pili nati ikalia.

Ile iliyokatika tuliigonga ikatoka, tukaweka bolti mpya zilizopakwa grisi. Jioni ile watoto walipiga pampu, maji yakaja.