Jina Moja, Spelingi Tatu

Wasee, hii ni ya yeyote ambaye jina lake limeandikwa na makarani watatu tofauti.

Nilizaliwa Meru, nikasomea Embu. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mureithi, cha KCSE kinasema Murithi, kitambulisho ni Muriithi. Nyumbani ni Mũrĩithi, yaani mchungaji wa mifugo. Hiyo ĩ husikika katikati ya i na e, na kwa vile fomu hazina alama hiyo, kila karani aliandika alichosikia.

Barua yangu ya kwanza kwa ofisi ya uhamiaji ilikuwa hadithi tupu: ati mimi ni mimi, tafadhali mnihurumie. Pasipoti haikusonga, na tarehe ya kuripoti chuo huko nje ilikuwa inakaribia.

Ya pili niliipanga. Kwanza spelingi zote tatu, kila moja na hati yake, nambari na tarehe. Halafu sababu, sentensi mbili tu. Mwisho jina ninaloomba litumike, lile la kitambulisho. Nikaambatisha nakala za hati, pamoja na afidaviti niliyoapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba majina yote matatu ni ya mtu mmoja.

Hapo karibu niteleze: nilikuwa nimesahau spelingi ya KCSE. Spelingi usiyoitaja, kiapo hakiielezi. Na afidaviti haibadilishi jina. Hiyo ni kazi ya didi poli.

Safari hii karani alifuata kila herufi kwa kidole, akapokea faili.