Kahawa Iliyokauka Inalia: Kujitambulisha kwa Sekunde 30, Hamburg na Ihanda

Nilipokwenda nyumbani Ihanda mara ya mwisho nilikuta msiba kwa jirani. Nilikaribishwa kwenye mkeka, nikapewa kahawa za kutafuna zilizofungwa kwenye kipande cha jani la mgomba, nikaanza kutafuna kimya. Mzee aliyekaa mbele yangu alinitazama kidogo, akauliza, "Wewe ni wa nani?" Nikataja jina la baba. Akanyamaza, akahesabu kichwani, kisha akasema, "Yule aliyehamia kutoka Nyakaiga?" Nikasema ndiye. "Basi bibi yako alikuwa na mguu uliomsumbua." Baada ya robo saa wazee watatu walikuwa wananijua, na mimi nilikuwa sijasema hata sentensi nne zilizofuatana.

Nimekaa Hamburg miaka minane, na kule kujitambulisha ni kazi yenye saa mkononi. Mkutano ukianza, watu huketi kwa duara na kila mmoja hupewa zamu: jina, kazi, umekuja kutafuta nini, kisha unampisha wa pembeni yako. Hakuna anayekuuliza baba yako ni nani. Ukizidisha nusu dakika utaona watu wanaanza kuangalia karatasi zao. Mara ya kwanza nilijiandaa wiki nzima. Niliandika aya nzuri, nikaikariri mbele ya kioo, na zamu yangu ilipofika niliitoa bila kukosea hata neno. Watu wakatikisa kichwa kwa adabu, mwenzangu wa kushoto akaanza yake. Wakati wa chai hakuna aliyenifuata. Niliumia, kwa sababu nilijua sikuwa nimekosea popote.

Nilichelewa kuelewa kwamba nilichokuwa nimekiandaa ni kivugo. Msomaji aliyepita sekondari Tanzania anayajua majigambo. Profesa Mulokozi, mwenyeji wa Kagera, alipopanga tanzu za fasihi simulizi aliyaita pia vivugo. Mtu husimama mbele ya watu, akajisifu kwa maneno yaliyopangwa na kupigwa msasa, na akimaliza hujibiwa kwa vigelegele na vifijo. Hakuna anayeinua mkono kumuuliza mwenye kivugo swali. Kimejaa, hakina mahali pa kuingilia. Ni sanaa kubwa na ina mahali pake, lakini ukiipeleka kwenye duara la watu wasiojua kupiga vigelegele, unachobaki nacho ni ule mtikiso wa kichwa.

Kwa hiyo sikubaliani na wenzangu wa ughaibuni wanaosema sisi hatujui kujieleza na wazungu wanajua. Nyumbani tuna namna zote mbili. Tuna kivugo, na tuna ile ya kwenye mkeka, ambayo unatoa ncha moja ya kamba na kumwachia mwenzako aivute. Kazi yote ya sekunde 30 ni kuibana ile ya mkeka iingie kwenye saa ya Hamburg.

Mwaka jana mpwa wangu, binti wa dada yangu, alinipigia simu. Anapokea kahawa kwenye chama cha msingi cha ushirika, na alikuwa ameitwa Bukoba kwenye kikao cha wakulima na wanunuzi. Kila mjumbe angepewa nusu dakika. "Mjomba, naomba nikusomee," akasema. Akasoma: yeye ni kijana mwenye bidii na uzoefu katika mnyororo wa thamani wa zao la kahawa, ambaye amejikita katika kuhakikisha ubora, na anaamini katika ushirikiano wenye tija. Nilimuuliza, "Ukiwa umekaa pale unasikia mwenzako anasema hivyo, utamuuliza nini?" Akafikiri. "Sitamuuliza kitu, Mjomba. Nitasema hongera."

Tukaanza upya kwa kuacha karatasi. Nilimwomba anieleze jana asubuhi alifanya nini. Karagwe kahawa nyingi ni robusta, na wakulima wengi huianika na ganda lake, ndiyo inayoitwa kahawa ya maganda. Mkulima anafika na gunia, na kabla ya kipima unyevu mpwa wangu huchota matunda machache, hufumba kiganja, huyatikisa karibu na sikio. Tunda likikauka, buni zilizomo ndani huachana na ganda na kugonga. Likiwa bado na maji halitoi sauti. Kipimo huja baadaye kuthibitisha kwamba unyevu umeshuka hadi asilimia 12 hivi. Akiwa anaeleza alichukua matunda, akayatikisa kwenye simu, nami nikiwa jikoni kwangu Hamburg nikasikia ile sauti ya njuga ndogo niliyokua nayo. Nikamwambia hicho ndicho atakachosema.

Tulifanya kazi jioni mbili. Matokeo yake yalikuwa haya, baada ya salamu na jina lake:

"Natoka Ihanda, Karagwe. Napokea kahawa ya wakulima kwenye chama chetu cha msingi. Kabla ya kuweka kipimo, nachukua matunda kiganjani nayatikisa sikioni, kwa sababu kahawa iliyokauka inalia. Msimu uliopita nilimrudishia mama mmoja magunia mawili yasiyolia, akaondoka bila kuniaga. Siku hizi yeye ndiye anayewatikisia majirani zake. Natafuta wanunuzi wanaotaka kujua kahawa yao ilianikwa wapi."

Ukihesabu utapata maneno hamsini na kidogo. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo usifuate hesabu za vitabu vya Kiingereza zinazokupa sabini na zaidi; ukijaza sabini utakimbia, na anayekimbia husikika kama anayesoma. Tazama pia kilichoachwa. Hakusema mama yule alibadilikaje. Hakusema bei. Hakusema yeye ni mwaminifu wala ana bidii, maana anayerudisha magunia mawili ya jirani yake hahitaji kujisifu. Katikati pana nafasi, na mtu yeyote mwenye masikio ataiona: kutoka kuondoka bila kuaga hadi kuwatikisia majirani, kulitokea nini?

Hapo pana mtego. Nafasi si kitendawili. Kuna wanaoanza kwa kusema, "Mimi nafanya kazi na kitu kinacholia lakini hakina mdomo," kisha wananyamaza wakisubiri waulizwe. Msikilizaji huhisi anachezewa, naye huuliza kwa kukulipa tu fadhila. Alichosema mpwa wangu kinaeleweka chote hata asipoulizwa. Kilichobaki nje ni sababu peke yake. Na jibu lazima liwe tayari. Kwake lilikuwa fupi: mama alikuwa anaanika chini kwenye udongo, mvua ikanyesha, kahawa ikanyonya maji upya. Mpwa wangu alimwazima turubai, akamwonyesha namna ya kuinua kahawa juu ya kichanja na kuifunika jioni. Mama aliporudi, matunda yalilia. Jibu lisilozidi dakika moja, kisha anayeuliza ana ncha nyingine ya kuvuta: turubai zinatosha? Wengine wanaanikaje?

Lililotusumbua zaidi lilikuwa sauti. Usiku wa kwanza aliyasema maneno yaleyale mara kumi, na kila mara yakazidi kukauka kama tangazo la redio. Kinachomfichua aliyekariri si ufasaha. Ni kwamba pumzi yake hukatika palipo na mkato kwenye karatasi, si pale maana inapoishia, na macho yake hupanda juu kutafuta neno linalofuata. Nikamwambia ashike kwa moyo sentensi mbili tu, ya kwanza na ya mwisho. Ya kwanza kwa sababu hofu huwa kubwa mwanzoni, ya mwisho kwa sababu asiyejua atakapoishia huongeza "basi ni hayo tu, sijui niongeze nini", na hapo ameufunga mlango aliokuwa ameuacha wazi. Katikati awe na maneno matatu tu kichwani: kutikisa, magunia, majirani. Kila mara ayaunganishe kwa namna itakayomjia.

Kisha tulikuwa na jaribio, nalo nalipenda kuliko yote. Nilimkata katikati. "Magunia mangapi?" "Mawili." Nikanyamaza. Kama ungekuwa wimbo wa shuleni angelazimika kurudi mwanzo ndipo aendelee. Mara mbili za kwanza alirudi mwanzo kweli. Mara ya tatu akasema, "Mawili, na yalikuwa mazito kweli, ndiyo dalili nyingine," akaendelea mbele. Nikajua sasa ni yake.

Nilimwagiza aseme kwa watu watatu wasiojua anajiandaa, na aandike swali la kila mmoja, si sifa zao. Dereva wa bodaboda alimuuliza mama yule sasa anauza wapi. Mwalimu jirani akamuuliza inaliaje. Shangazi yake akasema, "Hongera mwanangu." Hongera ya shangazi ni ya upendo, lakini haitufundishi kitu. Kama wote watatu wangesema "kwani unafanya nini hasa?" tungejua kazi yenyewe haijaonekana, na tungerudi kwenye kiganja na sikio.

Naomba nisidanganye kwamba hii inafaa kila mahali. Kwenye usaili wa kazi wenye jopo, maswali yaliyochapwa na alama za kujaza, wasailiwa wote huulizwa yaleyale. Hakuna atakayevuta ncha yako hata akitamani. Pale taja elimu na uzoefu wako waziwazi, mfano wa magunia uuweke ndani ya jibu lenyewe pamoja na sababu yake. Na mbele ya wazee, salamu haihesabiwi kwenye sekunde 30. Mpwa wangu aliogopa zitakwisha akiamkia. Nilimwambia aamkie kwa utulivu wake wote; atakayemhesabia salamu si mnunuzi wa kumtafuta.

Alinipigia akiwa stendi ya Bukoba, akisubiri gari la Kayanga. Nikamuuliza wanunuzi walisemaje. Mmoja alitaka kujua kuhusu turubai, akachukua namba ya chama. Lakini wa kwanza kuinua mkono, akasema, alikuwa mzee mmoja mkulima kutoka Kyerwa, aliyekaa nyuma na kofia yake magotini.

"Aliuliza nini?"

"Mjomba, aliuliza yule mama ni wa ukoo gani."