Ufunguo wa majibu ulisema B, na mimi nikakata kitambaa cha bi harusi



Leo sitaongelea mitindo, ingawa tutakuwa ndani ya nguo tokea mwanzo hadi mwisho. Nataka kuwahadithia swali moja la mtihani lililonitia hasara nikiwa fundi mchanga, kisha likarudi mlangoni kwangu wiki iliyopita, mikononi mwa binti wa dada yangu.

Huyu mtoto anasoma kozi ya ushonaji, na mtihani wake umekaribia. Alikuja dukani baada ya alasiri na karatasi ya maswali ya kuchagua, yale ya A, B, C na D, na nyuma yake imechapwa orodha ya majibu. Akaniambia, "Mama mdogo, hili swali mimi napata A, lakini majibu yanasema B. Nimeshaliandika B, nalihifadhi hivyo hivyo." Nikaichukua karatasi. Wallahi nilikaa kwenye kiti. Swali lilikuwa lile lile nililolihifadhi mimi zamani, na jibu nililolihifadhi lilikuwa lile lile B.

Swali lenyewe hili hapa:

Fundi anataka kukata peplam ya duara kwa kiuno cha sm 66. Amekunja kitambaa mara mbili. Kutoka kwenye kona ya mkunjo, apime sm ngapi ili apate mstari wa kiuno? (Pai ni 22/7.)
A. 10.5
B. 21
C. 33
D. 42

Kwa asiyeijua, peplam ni kile kipande kinachochanua chini ya kiuno cha blauzi au gauni, ambacho mabibi harusi wengi wanakipenda. Kikikatwa kwa duara, juu yake huwa laini bila rinda hata moja, na chini kinacheza chenyewe.

Sasa nieleze yaliyonikuta. Nilipomaliza kozi nilikuwa na kanuni moja kichwani: kwa peplam, chukua kiuno, gawa kwa pai, basi. Kanuni hiyo niliitoa kwenye ile B, kwani 66 ukigawa kwa 22/7 unapata 21. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Akaja bi harusi na satini aliyoletewa na ndugu yake kutoka Dubai, kitambaa kisichokuwa na cha pili. Kiuno chake kilikuwa inchi 28. Nikakunja satini mara mbili hadi ikawa matabaka manne, nikagawa 28 kwa pai nikapata karibu inchi 9, nikazungusha chaki, nikakata. Nilipokifungua, tundu la kiuno lilikuwa kama inchi 56. Mara mbili ya kiuno cha mwenyewe.

Kitambaa kikishakatwa tundu kubwa hakirudi. Nilichoweza kufanya ni kulivuta kwa uzi na kulitia rinda hadi likatosha. Aliyetaka peplam laini akavaa kitu kilichofura kiunoni kama gauni la mtoto la Idi. Hakunigombeza. Aliangalia kioo, akanyamaza, akalipa, na mimi nikamrudishia pesa yake. Kile kimya chake ndicho kilichonifundisha kuliko mwalimu yeyote.

Kwa hiyo nilimwambia binti yetu, "Mwanangu, funika hayo majibu kwa mkono, tulifanye upya." Tulianza na A na B peke yake, kwa sababu C na D zilitoka mapema. Ile 33 ni nusu ya 66 tu, mtu aliyegawa kwa mbili akaisahau pai, na 42 ni ya robo duara, ambayo haikutajwa popote. Zilizobaki mbili zote zina mtetezi.

Nikamwambia aandike sentensi moja kwa kila jibu, inayoanza na "hili ni sahihi ikiwa". Akaandika hivi. A ni sahihi ikiwa peplam ni duara zima, kwa sababu mzunguko wa duara zima ni mbili mara pai mara nusu kipenyo, na 66 ukigawa kwa 44/7 unapata 10.5. B ni sahihi ikiwa peplam ni nusu duara, kwa sababu hapo ukingo wa kiuno ni pai mara nusu kipenyo, na 66 ukigawa kwa 22/7 unapata 21.

Hapa ndipo wengi tunapoteleza. Tumezoea kuhakiki kwa kurudisha jibu kwenye hesabu: nikiweka 10.5 kwenye duara zima napata 66, safi. Lakini nikiweka 21 kwenye nusu duara napata 66 pia, safi vile vile. Hesabu imewapitisha wote wawili. Maana yake tofauti yao haimo kwenye hesabu. Imo kwenye maneno ya swali, na huko ndiko kwa kwenda kuitafuta.

Tukarudi kwenye maneno. La kwanza lililotuchanganya ni "amekunja mara mbili". Kwa Kiswahili chetu neno hili lina sura mbili. Linaweza kuwa amekunja, kisha akakunja tena, matabaka manne. Au amekunja kikawa maradufu, matabaka mawili. Ukichora robo ya duara kwenye kona ya matabaka manne, ukifungua unapata duara zima. Ukichora robo hiyo hiyo kwenye kona ya matabaka mawili, ukifungua unapata nusu duara. Mwenye kutetea B atasema, "Ni matabaka mawili, kwa hiyo ni nusu duara." Si mjinga huyo. Ana hoja.

Lakini kuna neno la pili, nalo ni "peplam ya duara". Swali halikusema nusu. Na ukitaka duara, kiuno chake kitakuwa sm 10.5 kutoka katikati, ukunje mara ngapi upendavyo. Hata kwenye matabaka mawili unaweza kukata duara zima: unapima kutoka katikati ya mkunjo badala ya kona, na unazungusha nusu badala ya robo. Mkunjo unabadilisha sehemu unayochora, haubadilishi kipimo. Na kwa kuwa swali limetaja kona na limetaja duara, matabaka manne ndiyo pekee yanayokubaliana na maneno yote mawili. Basi A inasimama juu ya maneno yaliyoandikwa. B inahitaji neno "nusu" ambalo halimo.

Sikutaka aniamini kwa mdomo. Tulichukua karatasi ya kukatia patani, tukaikunja matabaka manne, tukachora 10.5 kutoka konani, tukakata. Akapitisha futi kamba kwenye ukingo wa tundu, taratibu, ikasoma 66. Tukafanya tena kwa 21. Ikasoma 132. Akasema, "Ee mama mdogo, hiki kiuno cha watu wawili." Nikacheka, lakini moyoni niliiona ile satini.

Ndipo tukafunua majibu. Bado yalisema B. Nikamwambia, ufunguo ukitofautiana na hoja yako, kuna sehemu tatu za kuangalia, na ya kwanza ni wewe mwenyewe: soma swali tena kwa sauti, huenda umeruka neno. Tulisoma, hatukuruka. Ya pili ni orodha yenyewe: angalia majibu ya swali la juu na la chini. Ikiwa nayo hayakubali, na jibu la swali linalofuata linalifaa hili, basi mchapaji ameteleza mstari. Tuliangalia, jirani zake walikuwa sawa. Ya tatu ni swali kupungukiwa neno. Hiyo ndiyo tuliyoishuku, kwa sababu 21 haikuwa namba ya ovyo, ilikuwa jibu kamili la swali jengine.

Nilimtuma kwa mwalimu wake, lakini si kwenda kusema "majibu yenu yana makosa." Nilimwambia aende na zile sentensi mbili za "ikiwa" na vile vikaratasi viwili, na aulize, "Mwalimu, swali linataka duara au nusu duara?" Alirudi kesho yake anameremeta. Mwalimu alitafuta nakala ya zamani, na ndani yake imeandikwa "peplam ya nusu duara". Neno moja lilidondoka wakati wa kuchapa upya. Ufunguo ulikuwa sahihi kwa swali la zamani, na sisi tulikuwa sahihi kwa swali lililo mbele yetu. Na mimi miaka yote hiyo nilidhani nimehifadhi jibu, kumbe nimehifadhi herufi.

Aliniuliza jambo moja zuri: ndani ya chumba cha mtihani hakuna mwalimu wa kuuliza wala patani ya kukata, afanye nini? Nilimpa mfano mwengine. Tuseme majibu ni 9.5, 10.5 na 11.5. Fundi mzoefu atavutwa na 9.5, kwa sababu mstari wa kushona ukiwa kwenye 10.5, mkasi unapita ndani yake kwa sm 1 ya mshono. (Anayejumlisha akapata 11.5 amesahau kwamba kiuno ni tundu, na nafasi ya mshono inakaa upande wa katikati.) Je, achague 9.5 au 10.5? Aangalie swali. Likitaja mshono wa sm 1 na mstari wa kukata, ni 9.5. Likitaja kiuno tu, bila mshono, ni 10.5, hata kama dukani sisi hatukati hivyo. Jibu linalosimama bila kuongezewa neno ndilo la kuchagua. Na likibaki sawa kwa sawa kabisa, aweke alama, aendelee na mengine, arudi mwisho.

Satini ya yule bi harusi siwezi kuirudisha. Lakini sasa kila ninapokata duara, kabla ya mkasi napima ile robo niliyoichora kwa futi kamba na kuizidisha mara nne. Ikilingana na kiuno, nasema bismillahi na kukata.