Sweta Bila Bei

Mamangu hawezi kukwambia nguo haimtoshi. Atashukuru, ataikunja vizuri, na Disemba ijayo utaikuta kwenye sanduku, lebo bado inaning'inia. Na akiona imeandikwa 3,200, ndio kabisa. Ataanza kuhesabu hayo ni madebe mangapi ya mahindi.

Kuna maduka ambayo mashine yao hutoa risiti ya zawadi: nambari ya mauzo, tarehe na jina la bidhaa, lakini bei haipo. Duka nililonunua sweta halikuwa na kitu kama hicho. Lilikuwa na tangazo ukutani kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Usikate tamaa ukiona hilo tangazo. Kurudishiwa pesa na kubadilishiwa saizi ni mambo mawili tofauti, na la pili huzungumzika, mradi uulize kabla ya kulipa. Ukishalipa, huna nguvu tena.

Nilimwambia dada wa kaunta, "Hii ni ya mathe, na sina uhakika na saizi." Akakubali siku kumi na nne, sweta ikiwa haijavaliwa na lebo ikiwa bado iko. Nikaomba ailipishe peke yake, mbali na soksi zangu, ili risiti iwe na kitu kimoja. Kisha akaandika kwenye kikaratasi: sweta ya kijani, saizi L, nambari ya risiti, tarehe ya mwisho. Akagonga muhuri. Bei hakuandika, kwa sababu nambari ya risiti inamtosha kuipata kwao. Nikamwachia pia namba yangu ya simu: mama akichagua ya bei ya juu, anipigie kimyakimya nitume tofauti kwa M-Pesa. Bila hivyo, siri yote inaisha kwa sentensi moja: "Mama, ongeza mia tano."

Halafu lebo. Watu wengi huing'oa yote, na hapo wamemfungia mama mlango. Bei mara nyingi ni stika ndogo juu ya lebo, kwa hivyo ondoa stika pekee. Pasha joto kidogo kwa draya ya nywele, anza na kona moja, vuta polepole ukiilaza. Usikimbilie kuifuta kwa kalamu nyeusi. Mtu akiinua lebo kwenye mwanga, tarakimu huonekana. Kama bei imechapishwa kwenye lebo yenyewe, kata kipande hicho tu, uache msimbopau, saizi na kile kiuzi cha plastiki.

Risiti halisi nilibaki nayo. Kuikunja ili kuficha bei hakusaidii sana, maana ile ya KRA ina msimbo wa QR, na binamu yoyote mwenye simu anaweza kuuskani aone jumla. Nikaipiga picha pia siku hiyohiyo, kwa sababu maandishi ya karatasi hizi hufifia. Na iweke mbali na draya: hiyo karatasi huchapwa kwa joto, ikipashwa inageuka nyeusi tii.