Nani Ameze Kidonge? Homa ya Uti wa Mgongo na Watu wa Nyumba Moja

Mimi ni mzaliwa wa Lamu, na kazi yangu ya uuguzi imenileta Kisumu. Katika nyumba za Waislamu wa hapa nimeona desturi zile zile za Pwani: sinia moja, mkeka mmoja, na jamaa kujaa pindi mtu anapougua. Ndiyo maana homa ya uti wa mgongo inapobisha hodi, kila mmoja hudhani kwamba ni lazima naye ameze dawa.

Swali la kwanza ni kijidudu gani kimemwangusha mgonjwa. Hapa kandokando ya Ziwa, wagonjwa wengi wa uti wa mgongo, hasa wenye virusi vya Ukimwi, wameshikwa na kuvu au bakteria wa nimonia, na hao jamaa zao hawahitaji kidonge cha kinga kwa ajili hiyo. Dawa ninayoizungumzia ni ya jamaa wa mgonjwa wa bakteria aitwaye meningokokasi. Huyu hukaa puani na kooni, na hupita kwa mate na makamasi ya watu walio karibu sana. Maji ya uti wa mgongo na damu ndivyo hupimwa kumtambua, lakini daktari akimshuku kwa nguvu hangoji majibu yote.

Mwaka jana kijana wa miaka 16 alilazwa na ugonjwa huo. Nilikaa na mama yake tukahesabu watu, kuanzia siku saba kabla ya homa kuanza. Baba, mama, bibi na dada wawili walilala nyumba moja naye, kwa hiyo walistahiki. Mdogo wake wa miaka minne alistahiki, na dozi yake ikapimwa kwa uzito. Mke wa kaka yake, mjamzito, naye pia. Binamu aliyelala chumba kimoja na kijana alikuwa amesharudi Mombasa siku tatu kabla ya homa. Mama alitaka kumwacha, kwa kuwa hayupo. Nikamwambia, "Mama, tunahesabu usiku aliolala hapa, si mahali alipo leo." Akapigiwa simu, akapata dawa huko huko.

Shangazi aliyefika kwa basi baada ya kijana kulazwa hakustahiki, ingawa alilia kuliko wote. Jirani aliyeleta uji hakustahiki. Wenzake wa madrasa, waliokaa naye saa moja jioni, hawakustahiki, wala wageni waliokula naye sinia moja mara moja tu. Lakini kama angekuwa mvuvi anayelala kambini ufukweni, wenzake wa chumba kile wangehesabiwa kama watu wa nyumbani. Mhudumu wa afya hustahiki ikiwa mate au makamasi ya mgonjwa yamemrukia usoni, kwa mfano anapomwekea mpira wa kupumulia.

Watu wazima walipewa siprofloksasini ya miligramu 500, mara moja tu, imezwe kwa maji, si kwa maziwa. Rifampisini nayo hufaa, ila si ya mara moja: mtu mzima humeza miligramu 600 asubuhi na jioni kwa siku mbili. Hugeuza mkojo na machozi kuwa rangi ya machungwa, na hudhoofisha vidonge vya uzazi wa mpango na baadhi ya dawa za virusi vya Ukimwi. Kwa hiyo mwanamke aseme anatumia nini, hata kama faraghani. Mjamzito wetu hakupewa vidonge hivyo, bali sindano moja ya seftriaksoni ya miligramu 250.

Dawa ifike ndani ya saa 24 tangu mgonjwa atambuliwe. Zikipita wiki mbili haina faida kubwa. Kwa nini basi tusiwape wote, tuondoe shaka? Kwa sababu watu wengi hubeba bakteria wasio na madhara kooni, na hao husaidia kuzuia wabaya. Kuwaua bila sababu ni kubomoa ukuta, na pia kuwafundisha wabaya kuishinda dawa. Rifampisini zaidi ya yote tunaihitaji kwa kifua kikuu.

Mahujaji wetu huchanjwa kabla ya kusafiri. Mwaka 2000 aina ya W135 ilisambaa miongoni mwa mahujaji, na waliporudi makwao baadhi ya watu wa nyumbani mwao waliugua. Hatari ilifuata vyumba vya kulala.

Kidonge husafisha koo. Hakitibu ugonjwa uliokwisha kuingia. Kwa hiyo siku kumi baada ya mgonjwa kulazwa, nilimwomba mama yule aangalie homa, shingo kukakamaa, kuchanganyikiwa, na madoa yasiyofifia yakikandamizwa kwa gilasi. Kwenye ngozi nyeusi madoa hutafutwa viganjani, nyayoni na ndani ya kope. Mtoto mchanga hukataa titi, na utosi wake huvimba. Anayeonyesha dalili hizo apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama alimeza dawa jana.